Mtoto wa jicho: Usingoje akomae

Jua likishazama, barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kipande cha kati ya Igoma na Kisesa, hujaa malori, daladala na bodaboda. Mwendesha bodaboda mwenye macho mazima hupepesa mara moja taa za lori zinapompiga usoni, kisha anaendelea na safari. Mwenye mtoto wa jicho anayeanza hupunguza mwendo na kugeuza uso pembeni, na kwa sekunde kadhaa hajui ukingo wa lami uko wapi. Mchana mtu huyo huyo anasoma namba ya gari lililoegeshwa bila taabu. Kwa hiyo hasemi kwamba haoni. Anasema taa za magari ya siku hizi ni kali mno.

Kwa watu wengi ugonjwa huu huanza hivyo: mwanga unasumbua kabla giza halijaingia. Kutoka hapo hadi siku ya kushikwa mkono kupelekwa msalani hupita miaka, na miaka hiyo wengi huimaliza kwa kununua miwani baada ya miwani, au kwa kungoja, kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba mtoto wa jicho hatolewi mpaka akomae. Ushauri huo ulikuwa na sababu zake zamani. Kwa upasuaji unaofanyika leo Mwanza, hauna tena. Swali la kujiuliza sasa ni kazi gani jicho limekuzuia kufanya, na kama kinachoizuia ni mtoto wa jicho kweli.

Lenzi na namna tatu za kuchafuka kwake

Nyuma ya mboni, ule mduara mweusi ulio katikati ya jicho, kuna lenzi ndogo yenye upana wa milimita 9 au 10 na unene wa milimita 4 hivi. Imejaa maji na protini zilizopangika vizuri kiasi kwamba mwanga hupita bila kizuizi hadi kwenye retina, pazia la nyuma linalopokea picha. Lenzi haina mishipa ya damu, na seli zake za kale hazitupwi nje kama za ngozi, bali husukumwa kuelekea katikati na kubaki humo maisha yote. Miaka inavyokwenda protini hizo huharibika na kushikamana, na kilichokuwa angavu huanza kuwa na ukungu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto. Ute uliokwisha kuiva haurudi kuwa maji, na lenzi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna matone, vidonge wala mizizi inayoyeyusha mtoto wa jicho. Tena, baadhi ya dawa za mitishamba zinazotiwa machoni huchubua konea, kioo cha mbele cha jicho, zikaacha kovu. Mgonjwa anabaki na magonjwa mawili, na lile la pili ni gumu kutibu kuliko la kwanza.

Ukungu huo hauanzii mahali pamoja kwa kila mtu, na mahali unapoanzia ndipo panapoamua mgonjwa atalalamika nini.

Aina ya kwanza, inayowapata sana wazee, huanzia kwenye kiini cha lenzi. Kiini kinakuwa kigumu, kinageuka rangi ya manjano na baadaye kahawia. Kinavyozidi kuwa kigumu ndivyo kinavyozidi kupinda mwanga, kwa hiyo jicho linaanza kuona karibu vizuri na mbali vibaya. Rangi nazo hufifia taratibu, hasa bluu.

Aina ya pili huanzia kwenye tabaka linalozunguka kiini. Mistari myeupe hutokea ukingoni na kuelekea katikati. Kwa kuwa inaanzia pembeni, mtu anaweza kukaa miaka bila kujua. Mistari ikifika nyuma ya mboni hutawanya mwanga ovyo: taa moja inaota miale, mwezi mmoja unaonekana miwili. Ukitaka kujua kama kuona viwili kunatokana na lenzi, ziba jicho moja. Ikiwa lile lililobaki wazi bado linaona viwili peke yake, basi tatizo limo ndani ya jicho hilo.

Aina ya tatu hukaa nyuma kabisa ya lenzi, ikigusa utando wa kifuko kilichoibeba, na mara nyingi huwa katikati kabisa ya njia ya mwanga. Hii ndiyo inayomsumbua mtu mapema kuliko zote ingawa ni ndogo. Juani mboni hujikunja kuwa tundu dogo, na tundu hilo likiwa mbele ya doa, mwanga wote unalazimika kupita kwenye ukungu. Mgonjwa anaona afadhali kivulini kuliko kwenye jua la saa saba, na kusoma kunamshinda kabla ya kuona mbali. Aina hii huwapata hata watu wa miaka 30 au 40, hasa wenye kisukari na waliotumia kwa muda mrefu dawa za kundi la steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni. Matone ya macho yenye steroidi yamo katika hesabu hiyo. Mtoto mwenye mzio wa macho, anayenunuliwa matone hayo kwenye duka la dawa kila macho yanapowasha, anaweza kupata mtoto wa jicho na presha ya jicho kabla hajamaliza shule, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimpima.

Watu wengi huwa na mchanganyiko wa aina hizi. Kuna pia mtoto wa jicho anayeletwa na jeraha, mathalani kipande cha chuma au mti kilichoruka, na yule anayezaliwa naye mtoto mchanga. Huyu wa mwisho ana sheria zake. Mzazi akiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga asingoje hata mwezi, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipoletewa picha hautajifunza baadaye. Tena weupe huo unaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo nayo haingoji.

Jua la juu na jua la majini

Kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa hupata jua mara mbili: linalotoka juu na linalorudishwa na maji au mchanga. Ziwa Victoria liko karibu na ikweta, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayounguza ngozi, ina nguvu huku mwaka mzima.

Madhara ya miale hiyo kwa lenzi yalipimwa kwa wavuvi wa mahali pengine, Ghuba ya Chesapeake nchini Marekani. Mwaka 1988 Hugh Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wavuvi 838, wakikadiria kila mmoja alipata jua kiasi gani tangu ujana wake. Waliopata jua jingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mtoto wa jicho wa aina ya pili, anayeanzia tabaka la nje. Kwa aina ya kiini uhusiano huo haukuonekana. Kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua inayozuia miale hiyo ina kazi ya kweli kwa mtu wa ziwani, lakini haitamkinga na kila mtoto wa jicho. Umri, kisukari na uvutaji wa sigara vinaendelea na kazi yake hata kivulini, na sigara inahusishwa hasa na aina ya kiini.

Miwani mitatu kwa miaka miwili

Sasa tumfuate mgonjwa mmoja hatua kwa hatua. Ni mfano niliouunda, sikumtoa kwa mtu yeyote, ila hesabu zake ndizo wanazokutana nazo wapima macho kila siku. Tuseme ni mama wa miaka 61, fundi cherehani sokoni Kisesa, mshonaji wa sare za shule. Hana kisukari.

Mara ya kwanza anapimwa, jicho la kulia linahitaji miwani ya kuonea mbali ya namba hasi 0.75, na la kushoto hasi 0.50. Akivaa, anaona vizuri. Baada ya miezi minane miwani haimfai tena. Kulia imefika hasi 2.25, kushoto hasi 1.00. Anatengenezewa mipya. Baada ya mwaka mwingine kulia imefika hasi 4.00, kushoto hasi 1.25.

Katikati ya safari hiyo linatokea jambo linalomfurahisha. Anavua miwani ya kusomea aliyoitumia miaka 15 na kutunga uzi kwenye sindano bila msaada wowote. Majirani wanasema macho yamerudi ujana. Hesabu yake ni nyepesi: ukigawa 100 kwa namba ya miwani hasi, unapata umbali kwa sentimita ambako jicho lisilo na miwani linaona sawasawa. Kwa hasi 2.25, jicho linaona vizuri kwenye sentimita 44, umbali wa nguo iliyoko kwenye mashine. Kwa hasi 4.00, ni sentimita 25, umbali wa sindano iliyoko mkononi. Lenzi inazidi kuwa ngumu, inasogeza mahali pa kuonea karibu na uso, na kwa muda fulani mahali hapo pameangukia sawasawa na kazi yake. Ni dalili ya ugonjwa, ingawa mwenyewe anaiona kuwa nafuu.

Dalili nyingine anazielewa vibaya vilevile. Shati jeupe la shule analiona limefifia, akadhani kitambaa ni hafifu. Sketi ya bluu anaishona kwa uzi mweusi, mteja anarudi kulalamika, naye anaona rangi ni moja. Jua la mchana linampiga akivuka barabara kufuata daladala. Hana maumivu, jicho halina wekundu, wala halitoi tongotongo, na kwa kuwa halimuumi anaona halihitaji daktari.

Jambo la kuangalia hapa ni namba mbili na uhusiano wake. Mtu mzima aliyepita miaka 50 kwa kawaida habadilishi miwani ya mbali kwa kiasi hicho. Namba ikisogea kwa 1.00 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, na hasa jicho moja likilikimbia jingine, lenzi ishukiwe. Kisukari kilichopanda nacho kinaweza kusogeza namba ghafla, ndiyo maana sukari hupimwa kabla ya kukata miwani mingine. Namba ya pili ni kiwango cha kuona *akiwa amevaa miwani iliyo sahihi*. Mama huyu kwa miwani ya kwanza alisoma mstari wa 6/9 kwa jicho la kulia. Kwa miwani ya pili alifika 6/12. Kwa ya tatu, mpimaji alijaribu kila kioo na hakuvuka 6/24. Maana ya 6/24 ni kwamba anahitaji kuwa mita 6 ili asome kile ambacho jicho zima linakisoma kutoka mita 24. Miwani hukusanya mwanga mahali pake, lakini haiwezi kuusafisha mwanga uliokwisha kuchafuliwa ndani ya lenzi. Hapo miwani ya nne ni fedha ya kutupa.

Kinachopimwa kabla ya kuamua

Mtu wa Kisesa anaweza kuanzia Kituo cha Afya Kisesa na kupewa rufaa, au kwenda hospitali ya wilaya Magu, au kupanda gari kilomita 20 hivi hadi jijini, kwenye kliniki za macho za Sekou Toure na za Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Kokote aendako, kuna vipimo ambavyo visipofanyika uamuzi wa kupasua haujakamilika.

Kwanza, chati husomwa kwa kila jicho peke yake. Mtu anayesoma kwa macho mawili pamoja hufichwa na lile zima, na wapo waliogundua siku hiyo kwamba jicho moja halioni kabisa. Kisha mgonjwa huchungulia kwenye tundu dogo la milimita moja na kitu. Akisoma vizuri zaidi kupitia tundu, mara nyingi miwani bado ina nafasi. Asipopata nafuu, kizuizi kinatafutwa ndani ya jicho.

Pili, mboni hupimwa kwa tochi. Hata mtoto wa jicho aliye mweupe kabisa hazuii mwanga wote, kwa hiyo mboni inatakiwa kujikunja ikimulikwa, na mgonjwa anatakiwa aweze kusema tochi iko juu, chini, kushoto au kulia. Mboni isiyojikunja au jicho lisilojua mwanga umetokea wapi linatoa habari kwamba neva au retina imeharibika. Lenzi ya jicho hilo ikitolewa, mboni itakuwa nyeusi na nzuri, lakini mgonjwa ataendelea kutoona.

Tatu, hupimwa presha ya jicho. Presha huua neva kimya kimya, ikianzia na uwezo wa kuona pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mzee anayengoja mtoto wa jicho akomae, kumbe ana presha pia, anapoteza kila mwezi kitu ambacho hakuna upasuaji utakaomrudishia. Sababu hii peke yake inatosha kumpeleka kupimwa hata kama bado hayuko tayari kupasuliwa.

Mwisho, mboni hupanuliwa kwa matone ili lenzi na retina zionekane kwa mashine. Siku hiyo mgonjwa asiende peke yake wala asiendeshe chombo, kwani kwa saa kadhaa ataona ukungu.

Upasuaji una faida lini?

Ushauri wa kungoja akomae ulitoka kwenye enzi ambazo lenzi ilitolewa bila kurudishiwa nyingine. Aliyepasuliwa alivaa miwani minene ya namba chanya 10 hivi, iliyokuza kila kitu kwa karibu robo na kumnyima kuona pembeni. Ikivunjika, alirudi kuwa kipofu. Katika hali hiyo daktari mwaminifu alimwambia mwenye kuona kidogo asubiri, kwa sababu kuona kwake kidogo kulikuwa bora kuliko maisha ya miwani ile. Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949, lakini ilichukua miongo kadhaa kufika kwenye hospitali zetu na kuwa jambo la kawaida. Ilipofika, sababu ya kungoja iliondoka, ila ushauri ulibaki midomoni mwa watu.

Siku hizi kungoja kuna hasara zake. Kiini kikizidi kuwa kigumu na cha kahawia hutoka kwa shida, na konea huumia zaidi wakati wa kukitoa. Lenzi iliyoachwa mno inaweza kuvimba na kuziba njia ya maji ya jicho, au kuyeyuka na kuvuja. Jicho linakuwa jekundu, linauma hadi mtu anatapika, na presha inapanda. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, na mara nyingi jicho haliponi lote.

Hata hivyo, kukutwa na mtoto wa jicho si amri ya kupasuliwa. Madoa machache ukingoni kwa mtu anayefanya kazi zake zote bila kikwazo huachwa na kuangaliwa kila mwaka. Uamuzi unasimama juu ya mambo matatu: kuna kazi au hatua ya maisha iliyozuiwa, miwani sahihi haitatui, na uchunguzi umeonyesha kwamba lenzi ndiyo inayozuia. Yakitimia yote matatu, hakuna cha kungoja, hata kama chati inasema 6/18. Mwendesha bodaboda mwenye doa la nyuma ya lenzi anaweza kusoma 6/12 ndani ya chumba cha kliniki na asiweze kabisa kuendesha usiku. Huyo anahitaji upasuaji mapema kuliko mzee wa 6/24 anayekaa nyumbani, anayesali na kula bila taabu na ambaye mwenyewe hajisikii kukwama. Kwa hiyo mweleze daktari kazi yako na saa unazoifanya. Chati haijui kama unashona, unaendesha, au unakaza nyavu.

Turudi kwa fundi wetu. Jicho la kulia halivuki 6/24, la kushoto kwa miwani linafika 6/9. Kazi inaharibika na kuvuka barabara kumekuwa hatari. Jicho la kulia lipasuliwe. Kabla ya hapo, urefu wa jicho na mpindo wa konea hupimwa ili kukokotoa nguvu ya lenzi bandia. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23 na nusu hivi, na kosa la milimita moja katika kipimo hicho humwachia mgonjwa miwani ya namba karibu 2.50 hadi 3.00. Basi uliza kama jicho lako litapimwa, au kama kila mtu anawekewa lenzi ya namba moja.

Kisha kuna jambo analopaswa kuambiwa kabla hajaweka sahihi. Lenzi bandia ya kawaida huona umbali mmoja tu. Akichagua kuona mbali, ule uwezo wake wa kutunga uzi bila miwani utaondoka kwa jicho hilo, na atahitaji miwani ya kusomea ya namba chanya 2.50 hivi. Asipoambiwa, atarudi akisema wamemharibia jicho, ingawa upasuaji ulikwenda sawa. Jicho lake la kushoto la hasi 1.25 linaweza kuishi pamoja na jipya lisilo na namba, maana tofauti hiyo ubongo huivumilia. Lingekuwa nalo limefika hasi 4.00, ubongo usingeweza kuunganisha picha mbili zenye ukubwa tofauti kupitia miwani, na jicho la pili lingefanyiwa wiki chache baadaye.

Dakika chache mezani, wiki sita nyumbani

Kwa mtu mzima upasuaji hufanywa kwa ganzi ya kuzunguka jicho, mgonjwa akiwa macho na anasikia anachoambiwa. Njia inayotumika zaidi hapa kwetu ni ya kuchimba njia ndogo ya milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, iliyokatwa kwa namna ya kujifunga yenyewe bila mshono. Kiini kinatolewa kizima, kifuko cha lenzi kinaachwa, na lenzi bandia inakaa ndani yake. Kwa mkono uliozoea huchukua dakika 10 hadi 20. Njia ya pili hutumia mashine inayovunja kiini kwa mawimbi na kukifyonza kupitia tundu la milimita 3 au pungufu, na gharama yake huwa kubwa. Mwaka 2007 Sanduk Ruit na wenzake walichapisha ulinganisho wa njia hizi kwa wagonjwa 108 nchini Nepal. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya kila kundi waliona 6/18 au vizuri zaidi kwa miwani inayofaa. Asiyemudu mashine asidhani amepewa matibabu ya daraja la chini.

Kesho yake bandeji hutolewa. Matone ya kuzuia uambukizo na uvimbe hutumika kwa wiki nne hadi sita, yakipunguzwa taratibu. Katika siku hizo jicho lisisuguliwe, lisiingiwe na maji ya ziwani wala vumbi, na mgonjwa asibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Jicho likianza kuuma zaidi badala ya kutulia, likawa jekundu, au kuona kukashuka ghafla, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Uambukizo wa ndani hutokea kwa wachache sana, lakini unaweza kumaliza jicho kwa siku mbili. Baada ya miezi au miaka kifuko kilichoachwa kinaweza kupata ukungu. Watu husema mtoto wa jicho amerudi, ila harudi kamwe, kwani lenzi aliyokuwamo haipo tena. Ukungu huo hufunguliwa kwa mwanga wa leza ndani ya dakika chache bila kupasua.

Anayeamua nyumbani

Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 na Robert Geneau na wenzake ulichunguza jinsi familia zinavyofikia uamuzi wa upasuaji wa macho. Kazi hiyo na nyingine za wataalamu wa Moshi zimeonyesha jambo ambalo mtu wa Kisesa atalitambua: mzee mara nyingi hasemi kwa kuwa hataki kuwa mzigo kwa watoto wake, na bibi hupelekwa baada ya babu, ingawa ugonjwa huwapata wote. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 15 wenye miaka 50 na zaidi duniani walikuwa vipofu kwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao tiba yake inajulikana. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Kwa hiyo usingoje mama aombe. Mwulize mambo yanayojibika: Je, mama, taa ya gari inakuumiza usiku? Bluu na nyeusi unazitofautisha? Miwani hii ni ya ngapi tangu mwaka juzi? Mzibe jicho moja, kisha jingine, umwonyeshe vidole kutoka mita tatu. Asipovihesabu kwa jicho mojawapo, mpeleke wiki hii. Mkifika, ulizeni mambo manne: kwa miwani bora jicho linafika mstari gani, presha na retina vikoje, kama urefu wa jicho utapimwa, na kama gharama iliyotajwa inajumuisha lenzi na matone au la. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kuomba msamaha wa gharama katika vituo vya umma, hivyo abebe kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Mwenye majibu ya maswali hayo manne anaweza kuamua mwenyewe kupasuliwa au kusubiri, na akisubiri atajua anachosubiri ni nini na arudi kupimwa lini.